Megabiti 20, na Bado Faili Linajikokota

Chukua kambi ya watafiti wa madini iliyo porini, mbali na mkongo wa taifa, inayopata intaneti kwa dishi lililoelekezwa kwenye setilaiti. Kampuni inalipia kasi ya megabiti 20 kwa sekunde. Mtaalamu wa ramani anahitaji picha za eneo lake la kazi, faili moja la megabaiti 900 lililohifadhiwa kwenye seva ya makao makuu huko Ulaya, na analifikia kwa kupitia VPN ya kampuni. Anapima kasi kwenye tovuti ya kupimia na kupata megabiti 19. Anaridhika, anaanza kupakua, na skrini inamwonyesha kilobaiti 109 kwa sekunde. Kwa mwendo huo faili litamaliza baada ya saa 2 na dakika 17. Kwa kasi anayoilipia, lingemaliza ndani ya dakika 6.

Kinachofuata hapo kinajulikana. Mwenye huduma anapigiwa simu na kulaumiwa, naye anapendekeza kifurushi kikubwa zaidi. Kampuni inapanda hadi megabiti 50, kwa bei ya setilaiti, ambayo si ndogo. Mwezi unaofuata faili jingine la ukubwa uleule linapakuliwa kwa kilobaiti zilezile 109 kwa sekunde. Fedha imetoka na hakuna kilichobadilika, wala mwenye huduma hajamwibia mtu. Nimeamua kulieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu zahanati, shule na ofisi ndogo zilizo mbali na miji hupoteza fedha kwa njia hiyohiyo, ilhali hesabu inayolifumbua inaweza kufanywa na yeyote mwenye kikokotoo cha simu.

Tuanze na umbali. Setilaiti za aina inayotumiwa na kambi hii hukaa juu ya ikweta, kwa kimo cha kilomita 35,786. Katika kimo hicho setilaiti huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha, kwa hiyo kutoka ardhini inaonekana imetulia mahali pamoja, na dishi likishaelekezwa halina haja ya kuifuata. Hilo ndilo lililofanya setilaiti hizi zipendwe. Lakini tazama safari ya ombi moja. Linapanda kutoka kambini hadi setilaiti, linashuka hadi kituo cha ardhini, ambacho mara nyingi kiko Ulaya, kisha jibu linapanda tena na kushuka tena. Ni safari nne, jumla yake zaidi ya kilomita 143,000. Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na hata kwa mwendo huo safari hizo nne hula milisekunde 477. Ongeza kazi ya modemu, foleni ndogo kituoni na kipande cha kebo hadi kwenye seva, unafika milisekunde 600 hivi. Zaidi ya nusu ya sekunde inapita kati ya swali na jibu, na megabiti utakazonunua hazipunguzi hata milisekunde moja.

Mtu anaweza kusema: sawa, nitachelewa nusu sekunde mwanzoni, kisha faili litamiminika. Lingemiminika kweli kama seva ingetuma tu bila kuuliza chochote. Haifanyi hivyo. Mafaili mengi husafirishwa kwa utaratibu uitwao TCP, na utaratibu huo hautaki baiti hata moja ipotee. Seva hukata faili vipande vya baiti 1,460 hivi, kila kipande ndani ya pakiti yake, na kompyuta inayopokea hurudisha taarifa kwamba imepata. Seva inaruhusiwa kuwa na kiasi fulani tu cha data ambacho kimetumwa lakini hakijathibitishwa. Kiasi hicho kikitimia, inasimama na kungoja. Mafundi wa mtandao hukiita dirisha.

Mfikirie mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo anayempelekea mteja wa Songea marobota ya nguo kwa basi, kwa sharti kwamba marobota ambayo risiti zake hazijarudi yasizidi 10. Barabara inaweza kupitisha mabasi mengi kadiri ipendavyo, lakini mteja yule atapata marobota 10 kwa kila mzunguko wa risiti. Ukiipanua barabara humwongezei hata robota moja. Atapata zaidi pale tu risiti zitakaporudi upesi, au atakapoongezewa kiwango cha kukopeshwa.

Sasa turudi kwenye namba 109. Waraka uliolipa umbo TCP, RFC 793 wa Septemba 1981, ulitenga biti 16 za kuandikia ukubwa wa dirisha. Namba kubwa kuliko zote inayoingia katika biti 16 ni 65,535. Kwa hiyo dirisha lisiloongezwa haliwezi kuzidi baiti 65,535 kwa kila mzunguko. Gawanya kwa sekunde 0.6 upate baiti 109,225 kwa sekunde, ambayo ndiyo ile kasi aliyoiona mtaalamu wa ramani. Katika hesabu hiyo megabiti 20 hazionekani popote, na megabiti 50 pia hazionekani. Ndiyo maana kifurushi kipya hakikugusa kitu.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini watu wa mjini hawakuwahi kuliona tatizo. Ikiwa seva iko karibu na mzunguko ni milisekunde 20, baiti 65,535 zinatoa zaidi ya megabaiti 3 kwa sekunde, yaani megabiti 26. Kompyuta ileile na programu ileile ingeijaza kabisa njia ya megabiti 20. Mashine haina hitilafu. Imepelekwa mahali ambapo risiti zinarudi kwa kuchelewa mara 30.

Ili njia ya megabiti 20 yenye mzunguko wa milisekunde 600 ijae, ni lazima data iliyo njiani kwa wakati wowote ifikie megabiti 12, yaani megabaiti 1.5. Namba hii hupatikana kwa kuzidisha kasi na muda wa kwenda na kurudi, na kwa maoni yangu ingefaa iandikwe kwenye kila mkataba wa intaneti ya setilaiti. Dirisha la mwaka 1981 ni dogo kuliko hapo kwa mara 23 hivi. Dawa yake si mpya. Mwaka 1988 Van Jacobson na Robert Braden walipendekeza kwamba pande mbili, zinaposalimiana mwanzoni mwa muunganisho, zikubaliane namba ya kulizidishia dirisha. Pendekezo hilo likaimarishwa mwaka 1992 katika RFC 1323, na kwa njia hiyo dirisha linaweza kufika gigabaiti 1. Windows za kuanzia Vista, iliyotoka mwaka 2007, hulirekebisha zenyewe, na Linux pia hufanya hivyo.

Mbona basi kambi yetu imekwama kwenye namba ya mwaka 1981? Kwa sababu dirisha halisi huwa ni lile dogo kuliko yote yaliyomo njiani. Kompyuta ya kambini inaweza kukubali megabaiti kadhaa, lakini kama programu ya seva iliandikwa zamani na kutengewa hifadhi ya kilobaiti 64 ya kushikia data isiyothibitishwa, huo ndio mwisho wa uwezo wake. Pengine programu haina kosa, ila kifaa cha ulinzi wa mtandao kilichokaa katikati kinaifuta ile namba ya kuzidishia wakati wa salamu. Salamu hiyo hufanyika mara moja tu, kwa hiyo ikiharibika upakuaji wote hubaki na dirisha dogo, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea kwenye skrini. Faili litaendelea kuingia polepole, salama, hadi mwisho.

Tuseme fundi wa makao makuu amelirekebisha hilo na dirisha sasa ni kubwa. Kasi inapanda, lakini bado kuna jambo jingine, na hili ndilo gumu zaidi kulishinda. Seva haiijui njia iliyo mbele yake. Haijui kama ni ya megabiti 2 au 200, wala haijui ni wangapi wanaoitumia. Kwa hiyo inaanza kwa kiasi kidogo na kuongeza kwa kupapasa.

Tahadhari hiyo ilizaliwa na tukio la kweli. Oktoba 1986, njia iliyounganisha Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majengo yaliyotenganishwa na mita zisizofika 400, ilishuka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde. Kompyuta zilikuwa zinatuma kupita kiasi, pakiti zinapotea kwenye foleni, nazo zinazituma tena na kuuzidisha msongamano. Jacobson alilichunguza jambo hilo na kuandika mwaka 1988 namna ya kulizuia: anza kidogo, ongeza kadiri risiti zinavyorudi, na pakiti ikipotea, punguza mara moja. Tangu hapo intaneti inaishi kwa kanuni hiyo, na bila yake isingesimama.

Lakini kanuni inayopima kila kitu kwa risiti inawaumiza wale ambao risiti zao zinachelewa. Seva nyingi siku hizi huanza na pakiti 10, kisha huongeza maradufu kila mzunguko. Kutoka pakiti 10 hadi zile 1,027 zinazohitajika kuijaza njia ya kambi yetu inachukua mizunguko 7, yaani zaidi ya sekunde 4, juu ya ule muda wa kusalimiana na kukubaliana usimbaji. Kwa faili la megabaiti 900 sekunde hizo si kitu. Kwa ukurasa wa tovuti wenye picha ndogondogo ni balaa, kwa sababu kila picha imekwisha kupakuliwa kabla muunganisho haujafikia hata robo ya kasi yake.

Balaa la faili kubwa huja pakiti moja inapopotea. Kwa kanuni ya asili, seva hukata dirisha nusu, kisha huongeza pakiti moja tu kwa kila mzunguko. Kwenye njia ya mjini yenye mzunguko wa milisekunde 20, dirisha linaloijaza megabiti 20 ni pakiti 34. Kurudisha zile 17 zilizokatwa huchukua theluthi moja ya sekunde, na mtumiaji hajui kama kuna lililotokea. Kambini zinakatwa pakiti zaidi ya 500. Kuzirudisha, moja kwa kila milisekunde 600, kunachukua dakika 5 na zaidi. Pakiti nyingine ikipotea kabla ya hapo, hesabu inaanza upya kutoka chini zaidi. Na kwa dishi si lazima pakiti ipotee kwa sababu ya msongamano. Mvua kubwa inatosha kuyadhoofisha mawimbi. Seva haiwezi kutofautisha mvua na foleni, kwa hiyo inapunguza mwendo wakati njia iko tupu.

Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake walilitolea jambo hili kanuni fupi. Kwa pakiti moja inayopotea kati ya 10,000, muunganisho mmoja wenye mzunguko wa milisekunde 20 unaweza kufika megabiti 71 kwa sekunde. Kwa upotevu uleule na mzunguko wa milisekunde 600, unaishia megabiti 2.4. Kanuni za baadaye zimepunguza maumivu. Ile iitwayo CUBIC, ambayo Linux imeitumia kama chaguo lake la kawaida tangu 2006, huhesabu muda kwa saa badala ya kuhesabu risiti, na katika kambi yetu ingelirudisha dirisha ndani ya sekunde 9 hivi. BBR, iliyotolewa na Google mwaka 2016, haishtuki kwa kila pakiti inayopotea. Hukadiria kasi ya njia na muda wa mzunguko, kisha hutuma kwa kadiri hiyo. Ila chaguo hili liko upande wa anayetuma. Mtu wa kambini anayepakua hana namna ya kulibadili kutoka alipo.

Kampuni za setilaiti zinayajua haya yote tangu zamani, na zimeweka msaidizi. Modemu iliyo chini ya dishi, ikishirikiana na kituo cha ardhini, huingilia kati mazungumzo ya TCP. Kituo huithibitishia seva pakiti papo hapo, kabla hazijafika kambini, kisha huzipitisha angani kwa utaratibu wake wenyewe uliotengenezwa kwa ajili ya umbali ule. Seva inaona risiti zinarudi upesi na inaongeza mwendo. Ndiyo sababu tovuti ya kupimia ilionyesha megabiti 19, ukiongezea kwamba tovuti hizo kwa kawaida hufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja na kuchagua seva ya karibu. Lakini msaidizi huyu ni lazima aweze kusoma vichwa vya pakiti ili azithibitishe. VPN huvisimba vichwa hivyo pamoja na yaliyomo. Modemu inaona data isiyosomeka, inaipitisha ilivyo, na muunganisho unabaki peke yake na milisekunde zake 600. Kambi yetu ilikuwa imemzima msaidizi wake bila kujua, kwa nia njema ya kulinda data. QUIC, utaratibu mpya unaotumiwa na vivinjari kwa tovuti nyingi, nao husimba sehemu hizo, kwa hiyo modemu haiwezi kuusaidia.

Utajuaje kwamba tatizo lako ni hili na si mwenye huduma anayekupunja? Jaribio la kwanza halihitaji ufundi. Faili linapopakuliwa polepole, anzisha upakuaji wa faili la pili kutoka kwenye seva ileile. Ikiwa la pili linakwenda kwa kasi ileile na la kwanza halikupungua, njia ilikuwa na nafasi tupu, na kilichobana ni muunganisho mmoja. Ikiwa yote mawili yanagawana kasi ya mwanzo, njia imejaa, na hapo kuzungumza na mwenye huduma kuna maana. Fanya hivyo mchana na pia usiku wa manane, kwa sababu njia ya setilaiti hugawanywa kwa wateja wengi.

Jaribio la pili ni la kuzidisha. Pima muda wa mzunguko kwa amri ya `ping` kuelekea seva husika, kisha uzidishe kwa kasi unayoiona kwa baiti. Jibu likikaribia 65,000 na halibadiliki siku hadi siku, umelipata dirisha la mwaka 1981. Kasi inayopanda, kuanguka ghafla na kupanda tena polepole inaashiria pakiti zinazopotea. Mwenye Linux anaweza kuandika `ss -ti` na kusoma `rtt`, `cwnd` na `wscale` za kila muunganisho. `wscale` isipoonekana, namba ya kuzidishia dirisha haikukubaliwa kwenye salamu.

Dawa iliyo mikononi mwa mpakuaji ni kuacha kutegemea muunganisho mmoja. Programu za kupakulia hulikata faili sehemu kadhaa na kuziomba zote kwa wakati mmoja, mradi seva inaruhusu:

```
ping -c 10 example.com
aria2c -x 8 -s 8 https://example.com/ramani.tif
```

Kwa miunganisho 8, kila mmoja ukibeba kilobaiti zake 109, faili la megabaiti 900 linashuka kutoka saa 2 na dakika 17 hadi dakika 17. Pakiti ikipotea inaukata muunganisho mmoja tu kati ya 8, mingine inaendelea. Kuna mipaka, hata hivyo. Wenzako kambini wanaotumia muunganisho mmoja mmoja watabanwa nawe, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe usiku. Tena, kama VPN yenyewe imejengwa juu ya TCP, yote 8 itapita ndani ya muunganisho mmoja wa nje na kubanwa na dirisha la huo mmoja. VPN hiyo inapaswa kuhamishiwa kwenye UDP kwanza, au faili liwekwe mahali penye usimbaji wa HTTPS wa kawaida, ambao huacha vichwa vya TCP wazi na kumruhusu msaidizi wa setilaiti kufanya kazi yake.

Kwa wakazi wa pwani yetu hali ilibadilika kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Julai 2009, ikifuatwa na TEAMS iliyoingia Mombasa na EASSy ya mwaka 2010. Kabla ya hapo pwani ya Kenya na Tanzania ilitegemea setilaiti kuwasiliana na dunia. Setilaiti za chini, kama za Starlink zilizo kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, zimepunguza mzunguko wa angani hadi makumi ya milisekunde, na hilo ni badiliko kubwa kuliko megabiti zozote. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyosogeza mabara. Kutoka Dar es Salaam hadi San Francisco ni kilomita 16,000 hivi kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia. Mwanga ndani ya uzi wa kioo huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 160, na kebo haziendi kwa mstari ulionyooka. Tuseme mzunguko halisi ni milisekunde 300. Mwenye kebo ya nyumbani ya megabiti 100 anayepakua kwa dirisha la kilobaiti 64 kutoka California atapata megabiti 1.7 tu, huku video ya YouTube ikicheza bila kukwama kwenye dirisha la pembeni, kwa sababu nakala yake imehifadhiwa kwenye seva iliyo karibu. Kwa hiyo tovuti ikikupa orodha ya seva za kuchagua, iliyo Nairobi au Johannesburg itakupa kasi ambayo huwezi kuinunua kwa kuongeza kifurushi.